Prezida anapofungua mkutano mkuu: kusalimia, kushukuru, kusema kilichotuita



Somo la mara hii linahusu robo saa moja tu: ile robo saa ya kwanza ya mkutano mkuu wa mwaka, wakati prezida anasimama mbele ya wanamemba na wageni na kufungua mkutano. Tumeichagua kwa sababu msimu wake umefika. Makooperative mengi hufunga hesabu tarehe 31 Desemba, na sheria inawapa miezi sita ya kukutana na kuzipima, maana yake mpaka tarehe 30 Juni. Hapa kwetu Luena, na kwa njia ya reli tangu Lubudi mpaka Bukama na Kamina, hiyo inaangukia vizuri. Mvua imekatika, kinga zinapita tena njia za porini, na mahindi yamekwisha kuingia nyumbani. Basi Mei na Juni mikutano inafuatana, na kila prezida anajiuliza: nitasema nini pale mbele?

Wengi hujibu swali hilo kwa kuazima hotuba ya mtu mwingine. Wanachukua ile ya mwaka uliopita, au ya mwenzao wa ng'ambo ya mto, wanabadilisha majina na tarehe, kisha wanaisoma. Inasikika vizuri. Lakini hotuba ya namna hiyo mara nyingi inaacha mambo ambayo sheria inayataka, na inasema mambo ambayo ingefaa yangoje. Tuangalie namna gani.

Kwanza tukumbuke ni sheria gani tunayozungumza. Kongo iliingia katika OHADA tarehe 12 Septemba 2012. Tangu hapo makooperative yetu yanafuata ile sheria moja ya OHADA juu ya makooperative, iliyopitishwa Lomé, kule Togo, tarehe 15 Desemba 2010. Kabla ya hapo tulikuwa na dekreti ya tarehe 24 Machi 1956, ya wakati wa Wabelgiji, ambayo iliweka makooperative chini ya jicho la utawala. Wazee wetu waliikulia ile, na alama yake ingali inaonekana kwenye mikutano: mkubwa wa serikali akifika, kila mtu anangoja yeye ndiye afungue. Kwa sheria ya leo, mkutano mkuu ni wa wanamemba. Kila mwanamemba ana sauti moja, hata akiwa na sehemu nyingi za mtaji, na mgeni hana sauti yoyote katika kupiga kura, hata akiwa mkubwa namna gani. Prezida ndiye anaongoza, yeye ndiye anafungua. Mgeni anapewa heshima yake yote, lakini mkutano si wake.

Kabla ya neno la kwanza

Neno la kufungua haliwezi kusemwa mpaka hesabu ya watu ijulikane. Sekretere anakaa mlangoni na karatasi ya majina. Kila mwanamemba anatia sahihi au anaweka kidole mbele ya jina lake. Wageni wanaandikwa kwenye karatasi nyingine, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu tumeona karatasi ambamo agronome, mwalimu wa jirani na watoto wawili walihesabiwa pamoja na wanamemba.

Tuchukue mfano, na tubaki nao mpaka mwisho wa somo. Tuseme kuko kooperative moja ya mahindi na mihogo ya wanamemba 84. Statuti zake zinasema mkutano hauwezi kukata neno kama hakuna zaidi ya nusu ya wanamemba. Nusu ya 84 ni 42. Zaidi ya nusu ni 43. Wakifika 43 au zaidi, mkutano unafunguliwa. Wakifika 42, bado. (Nyinyi angalieni statuti zenu wenyewe, si mfano huu.)

Sasa shida inayojitokeza kila mwaka mahali fulani: saa tatu ya asubuhi imepita, mjumbe wa administratere wa teritware amekwisha kufika na kinga yake imejaa vumbi, shefu wa grupma amekaa kwenye kiti cha mbele, na wanamemba wako 37 tu. Prezida anaona haya. Anasema moyoni: tufungue tu, wengine watakuja. Asifanye hivyo. Mambo yatakayokatwa siku ile yanaweza kuvunjwa na mwanamemba mmoja mwenye hasira, atakayeonyesha ile karatasi ya majina na kusema: mlikuwa 37. Kama kulikuwa na uchaguzi wa kamati, kamati ile itatembea mwaka mzima ikiwa na doa.

Afanye nini? Angoje mpaka saa iliyoandikwa kwenye karatasi ya kuita ipite kwa kiasi, kisha asimame aseme wazi, bila kuzunguka:

«Muheshimiwa, shefu, wanamemba wapendwa. Tuko 37, na statuti zinaomba 43. Kwa hiyo mkutano mkuu hautafunguliwa leo. Sekretere ataandika hivyo. Tutaita mara ya pili jinsi statuti zinavyosema. Kwa kuwa wageni wetu wametembea mbali, tutakaa nao tuzungumze juu ya mbegu za msimu unaokuja, lakini hayo yatakuwa mazungumzo tu, hatutakata neno lolote.»

Hakuna mkubwa wa serikali atakayekasirika akisikia hivyo. Wao wenyewe wanajua maana ya hesabu ya kutosha. Na wale 37 waliofika kwa wakati wanaona kwamba statuti si karatasi ya kufungia sukari.

Kusalimia kunafuata cheo, kushukuru kunafuata kazi

Hapa ndipo hotuba nyingi zinanenepa. Sababu yake ni kwamba prezida anachanganya vitu viwili: kusalimia na kushukuru. Anamshukuru kila mtu aliyemsalimia, na anamsalimia kila mtu anayeogopa kumsahau. Majina ishirini na vyeo vyake, pamoja na makofi, yanakula dakika kumi au zaidi. Kisha mgeni naye akijibu kwa kipimo kilekile, jua limepanda, na ba mama walioacha watoto nyumbani wanaanza kuangalia njia. Wao ndio wanaobeba mahindi mpaka depo. Wakiondoka kabla ya hesabu kusomwa, hesabu zinapitishwa na watu wasiojua mifuko ilipimwa namna gani.

Tuvitenganishe. Kusalimia kunafuata cheo, kutoka juu kwenda chini, mara moja tu. Kwa kawaida ya huku kwetu, anayemwakilisha gavana anatangulia kama yuko, kisha administratere wa teritware au mjumbe wake, kisha shefu wa sekta au wa sheferi, kisha shefu wa grupma na mashefu wa vijiji, kisha watumishi wa kilimo na kazi nyingine za serikali, kisha wakubwa wa makanisa na wa mashirika, mwisho, wanamemba. Sekretere anaandika mpangilio huu siku moja mbele, na asubuhi ile anaurekebisha mlangoni kulingana na waliofika kweli. Hili la kurekebisha lisisahauliwe. Kumsalimia administratere ambaye hakufika, na mjumbe wake amekaa pale anasikia, ni aibu ambayo ingezuiwa na kalamu ya mti.

Wale waliobaki, prezida anawakusanya kwa neno moja ambalo sote tunalijua: «kila mmoja kwa cheo chake na heshima yake». Neno hilo halimdharau mtu. Lilitengenezwa kwa kazi hiyo.

Kushukuru ni kitu kingine. Kunafuata kazi iliyofanyika. Shukrani nzuri inasema nani, alifanya nini, lini, na kilitusaidia nini. Pima maneno haya mawili. La kwanza: «Tunamshukuru sana agronome wetu kwa juhudi zake zisizohesabika.» La pili: «Tunamshukuru agronome wa sekta. Mwezi wa pili alitembea mashamba yetu siku tatu, akatuonyesha yale majani ya mihogo yenye mabaka, na tukang'oa miti ile kabla hatujakata vijiti vya kupanda.» La pili ni refu kuliko la kwanza, lakini mwanamemba anayelisikia anajifunza kitu, na agronome anajua kwamba kazi yake ilionekana. Tena, shukrani ya namna hii ina mpaka wake yenyewe: kama hukumbuki mtu alifanya nini, basi msalimie tu, usimshukuru. Tatu au nne zinatosha.

Kuko watu wengine ambao prezida asiwashukuru wakati wa kufungua, hata kama ni watu wa kazi sana. Nao ni kamati yake mwenyewe na mtunza pesa. Wengi wanashangaa tukisema hivyo. Sababu ni hii: katika mkutano uleule, wanamemba wataombwa wapime kazi ya kamati, wapokee hesabu au wazikatae, na waseme kama wanaiachilia kamati mzigo wa mwaka uliopita. Prezida akianza kwa kusema «tumshukuru mtunza pesa wetu kwa usimamizi safi», na watu wakapiga makofi, amekwisha kujibu swali kabla halijaulizwa. Yule mwanamemba aliyekuja na swali juu ya mifuko sita iliyopotea kwenye depo, atasimama namna gani sasa? Ataonekana anayeharibu furaha ya watu. Shukrani kwa mtunza pesa zina mahali pake, nyuma ya kura ya hesabu. Hivyohivyo kwa wale waliochaguliwa kuchunguza kamati: wasome rapoti yao kwanza, kisha wapewe asante.

Na maombi kwa serikali? Barabara, daraja, mbegu, kodi za njiani, mabehewa ya kusafirishia mahindi mpaka Lubumbashi, hayo yote ni mambo ya kweli na yanauma. Lakini ukiyaweka ndani ya shukrani, yanageuka kuwa kulia mbele ya mgeni, na mgeni anajibu kwa ahadi isiyoandikwa popote. Njia bora ni barua. Kamati inaiandika mbele ya mkutano, prezida anasema sentensi moja, «tumeandaa barua juu ya daraja, tutamkabidhi mjumbe mwisho wa mkutano na atatia sahihi kwamba ameipokea», kisha anaendelea. Sahihi ile ina nguvu kuliko hotuba ya nusu saa.

Tuseme neno kidogo pia juu ya bahasha ya usafiri wa wageni, kwa sababu watu wanaizungumzia nje na si ndani. Kama kooperative inalipa usafiri au chakula cha wageni, basi iwe kwenye bajeti iliyopitishwa, na iandikwe kwenye kitabu cha pesa kwa jina lake. Prezida asitoe pesa ya kooperative pale mbele kama zawadi ya ghafla. Hiyo si ukarimu wake, ni mahindi ya watu.

Kilichotuita

Sasa tufike kwenye kiini. Ukiuliza wanamemba wanaotoka mkutanoni prezida alisema mkutano ni wa nini, utasikia: «kwa ajili ya maendeleo ya kooperative yetu.» Maneno hayo yanaweza kusemwa siku yoyote ya mwaka, hata kwenye arusi. Kusema kilichotuita ni kusema maneno gani yatakatwa leo, na nani atayakata. Njia rahisi ni hii: prezida achukue ajenda ile iliyo kwenye karatasi ya kuita, na kila jambo aligeuze kuwa swali ambalo mwanamemba atalijibu kwa mkono wake.

Turudi kwenye kooperative yetu ya mfano. Ajenda inasema: rapoti ya kamati, hesabu za mwaka, matumizi ya ziada, uchaguzi. Mtu wa kawaida akisikia «matumizi ya ziada» hasikii kitu. Lakini tuseme mwaka ule kooperative ilibaki na ziada ya franka 2 400 000, na mashini ya kusaga unga imeharibika. Swali la kweli ni: pesa inayobaki, tugawane kulingana na mifuko ambayo kila mmoja alileta, au tutengeneze mashini? Hilo ndilo limewatoa watu nyumbani. Prezida aliseme hivyo.

Lakini aliseme kwa uangalifu, kwa kuwa hapa pana mtego. Akisema «tuko na milioni mbili na laki nne, tutaamua pamoja», kila mtu anagawanya papo hapo kwa 84 na anaanza kununua mabati kichwani mwake. Kumbe pesa ile haiko huru yote. Sheria ya OHADA inaomba kwanza kuweka pembeni akiba mbili: akiba ya jumla, na akiba ya kufundisha wanamemba juu ya kooperative. Kila moja isipungue asilimia 20 ya ziada, mpaka akiba ile ifikie kiasi cha mtaji kilichowekwa kwenye statuti. Kooperative yetu ya mfano bado haijafikia. Kwa hiyo 480 000 inaenda akiba ya kwanza, 480 000 akiba ya pili, na wanamemba wanabaki na franka 1 440 000 za kukatia neno. Hesabu ile ya mwisho ndiyo prezida ataje wakati wa kufungua. Ile kubwa, mtunza pesa ataieleza wakati wake, na karatasi mkononi. Tumetaja jambo hili kwa urefu kwa sababu neno la kwanza linalosikika ndilo linalokaa. Mtu aliyesikia milioni mbili na laki nne saa tatu, ukimwambia milioni moja na laki nne saa tano, atauliza nyingine ililiwa na nani.

Prezida aseme kilichotuita, lakini asiseme tujibu nini. Kama yeye anapenda mashini itengenezwe, ana sauti moja kama wengine, na atainua mkono wake wakati wa mazungumzo. Akiliweka wazo lake ndani ya maneno ya kufungua, mbele ya shefu na mjumbe wa serikali, wengi watalifuata kwa heshima tu, kisha watanung'unika kisimani. Vilevile asiongeze jambo jipya ambalo halikuwa kwenye karatasi ya kuita. Wale wasiofika hawakulijua. Labda wangelijua wangefika. Jambo likizuka, lizungumzwe mwisho bila kukata neno, na liandikwe kwa mkutano mwingine.

Kuna jambo la lugha pia. Wakubwa wakiwepo, prezida aliyesoma anavutwa kufungua kwa Kifaransa. Salamu mbili tatu za Kifaransa si mbaya. Lakini maswali ya leo yasemwe kwa Kiswahili, na mahali ambapo wazee wanasikia Kiluba vizuri zaidi, yarudiwe kwa Kiluba. Mgeni anayehitaji tafsiri atapewa mtu wa kukaa karibu naye. Tusifanye kinyume, kwamba wanamemba ndio watafsiriwe mkutano wao wenyewe.

Maneno yenyewe

Tukiyaweka yote pamoja, hotuba ya kooperative yetu ya mfano inaweza kwenda hivi. Tumeisoma kwa sauti, bila haraka, na haikufika dakika tano.

«Muheshimiwa mjumbe wa administratere wa teritware, shefu wa grupma, mashefu wa vijiji, agronome wa sekta, wajumbe wa makanisa na wa shirika linalotusindikiza, ba mama na ba baba wanamemba: kila mmoja kwa cheo chake na heshima yake, jambo yenu, na karibuni.

«Sekretere ameniletea hesabu. Tuko wanamemba 51 juu ya 84. Statuti zinaomba 43. Tuliitwa kwa karatasi iliyobandikwa kwenye depo na kupelekwa kwa kila kikundi, siku zinazotakiwa mbele ya leo. Kwa hiyo mkutano mkuu wa mwaka umefunguliwa, saa tatu na dakika ishirini.

«Tuko na shukrani tatu. Kwa shefu wa grupma: mwaka jana wakati wa ule mgogoro wa kiwanja cha depo, alikuja mwenyewe, akakaa na familia mbili, na alama za mpaka zikawekwa. Leo depo iko mahali pake. Kwa agronome: alitembea mashamba yetu siku tatu mwezi wa pili na tukang'oa mihogo yenye ugonjwa kabla ya kukata vijiti. Kwa vijana wa kikundi cha ng'ambo ya reli: walibeba mifuko ya wazee watano mpaka depo bila kuomba kitu.

«Sasa, kilichotuita. Leo mtajibu maswali manne. La kwanza: rapoti ya kamati, mnaipokea? La pili: hesabu za mwaka, pamoja na ile habari ya mifuko sita ya depo, mnazipokea au hapana? Kabla hamjajibu, mtawasikia wale mliowachagua kutuchunguza. La tatu: nyuma ya kuweka akiba za sheria, kunabaki franka 1 440 000. Tugawane kulingana na mifuko, au tutengeneze mashini? La nne: watu wawili wa kamati wamemaliza muda wao, mtachagua nani?

«Wageni wetu hawapigi kura, lakini masikio yao na mashauri yao yana bei kwetu. Mjumbe wa administratere atatupa neno la dakika tano, kisha sekretere atasoma rapoti. Tunataka kumaliza mbele ya saa nane, ili wa mbali wafike nyumbani na jua. Anayeomba neno ainue mkono, aseme jina lake na kikundi chake. Muheshimiwa, karibu.»

Mtaona kwamba ile habari ya mifuko sita prezida ameitaja mwenyewe. Hatukuiweka pale kwa bahati. Kila mtu kijijini amekwisha kuisikia. Prezida akiinyamazia, watu watasikiliza hotuba nzima wakingoja atakapoificha. Akiitaja kwa sentensi moja, bila kujitetea na bila kumsingizia mtu, mkutano unajua kwamba itapata saa yake. Kueleza ni kazi ya rapoti. Akianza kueleza pale mbele, mtu wa nyuma atapaza sauti, mwingine atamjibu, na mkutano utakuwa umeingia kwenye jambo la pili kabla ya la kwanza, mbele ya wageni, bila karatasi yoyote mkononi.

Mtaona tena kwamba mjumbe wa administratere anapewa neno nyuma ya mkutano kufunguliwa. Mahali pengine desturi ni kwamba mkubwa ndiye atamke kwamba mkutano umefunguliwa, na kumnyima hilo kungeonekana dharau. Basi prezida au sekretere amwendee siku moja mbele, amweleze mpangilio: prezida atatangaza hesabu na kufungua jinsi statuti zinavyotaka, kisha yeye atakuwa wa kwanza kusema. Amwambie pia zile dakika tano, na ampe karatasi ya maswali manne. Wengi wa wakubwa wanashukuru kupewa karatasi ile, kwa sababu inawaokoa wasitunge hotuba njiani.

Kwa sekretere

Maneno ya kufungua hayaandikwi yote kwenye proseverbali. Andika saa, jina la aliyeongoza, hesabu ya wanamemba waliofika juu ya hesabu yote, namna ya kuita na tarehe yake, majina na vyeo vya wageni, na maswali yaliyotangazwa. Karatasi ya majina ibandikwe nyuma ya proseverbali. Shukrani zinatosha kwa mstari mmoja.

Ya kufanya katika kikundi

Chukueni karatasi ya kuita ya mkutano wenu wa mwaka huu. Someni kila jambo la ajenda, na mmoja wenu aligeuze kuwa swali la kujibiwa kwa kuinua mkono. Jambo lisilogeuka kuwa swali, zungumzeni: ni rapoti ya kusikiliza tu, au liliandikwa bila kueleweka? Kisha kila mmoja aandike shukrani moja, yenye nani, nini, lini, na ilitusaidia nini. Zisomeni kwa sauti. Mwisho, pigeni hesabu ya statuti zenu: mko wangapi kwenye kitabu, na ni wangapi wanaotakiwa mlangoni mbele ya prezida kusimama? Waliokufa na waliohama kabisa, wametolewa kwenye kitabu jinsi statuti zinavyosema, au wangali wanahesabiwa?